Ujumbe kabla ya mkutano: jinsi ya kuingia ukumbini Nairobi ukiwa tayari na mtu unayemjua

Mikutano ya jioni ya watu wa kazi moja Nairobi ina kawaida yake. Mlangoni pana meza ya usajili na vibandiko vya majina, ndani pana chai na sambusa, na kabla mzungumzaji hajashika maiki watu wamekwisha kusimama makundi makundi, wale waliosoma chuo kimoja huku, wale wa ofisi moja kule. Mgeni hubaki pembeni akibonyeza simu. Kipindi hicho cha kusubiri ndicho kigumu kuliko vyote, na dawa yake huandaliwa siku mbili tatu mapema, kwa meseji nne au tano zilizoandikwa kwa uangalifu.

Ninayoeleza hapa yanafaa mikutano ya watu 30 hadi 100, ile inayofanyika maofisini na kwenye kumbi ndogo za Kilimani, Westlands na katikati ya jiji. Maonyesho makubwa ya KICC au Sarit yana utaratibu mwingine kabisa, kwa sababu huko watu huja na kuondoka kutwa nzima na huwezi kumngojea mtu mlangoni.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Dada mmoja mhasibu amehamia Nairobi kutoka Kisumu. Kampuni yake hununua samaki kwa wavuvi na wachuuzi wa ziwani na kuwauzia mahoteli. Amejiandikisha kwenda kwenye mkutano wa wahasibu kuhusu eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Ni Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni, ofisini karibu na Yaya. Hamjui hata mmoja atakayekuwepo, ila waandalizi wamemwingiza kwenye kikundi cha WhatsApp cha mkutano huo.

Kwanza, jua unachoomba

Ujumbe huu una kazi moja: mtu akikuona mlangoni aseme, "Kumbe ni wewe uliyeniandikia." Basi. Hauombi kazi, hauombi kukutana kwa kahawa kabla, hauombi mtu akushike mkono katika taaluma. Ukichanganya maombi hayo humo ndani, mpokeaji anaona mzigo, naye ataahirisha kujibu mpaka mkutano upite. Ombi dogo hujibiwa palepale mtu akiwa kwenye matatu.

Chagua watu watano, na uchague vizuri

Wengi huanza na mzungumzaji mkuu kwa kuwa jina lake ndilo lililo kwenye tangazo. Huyo ndiye wa mwisho kukufaa mlangoni. Atafika amebanwa na muda, atapokewa na waandalizi, na atazungukwa na watu hadi aondoke. Ukitaka kumwandikia, mwandikie swali moja analoweza kulijibu jukwaani, lakini usimhesabu kati ya watano wako.

Wanaofaa ni hawa. Kuna mwandalizi wa ngazi ya chini, yule anayebandika tangazo kwenye kikundi na kujibu maswali ya maegesho. Huyo atakuwepo mapema, anawajua watu wote, na kazi yake jioni hiyo ni kukaribisha. Kuna mtu aliyeuliza kikundini swali linalogusa kazi yako. Na kuna mgeni mwenzako, aliyeandika kwamba hii ni mara yake ya kwanza. Watu humdharau huyu wa tatu, na mimi naona wanakosea sana, maana ndiye anayejibu upesi kuliko wote na ndiye atakayefurahi kwa dhati kukuona.

Dada wetu alipitia kikundi kwa utulivu usiku wa Jumatatu. Aliorodhesha kijana wa kujitolea aliyekuwa akituma ramani ya jengo. Aliorodhesha bwana mmoja wa kampuni ya maziwa Kiambu aliyekuwa ameuliza, "Mkulima anayeleta lita 10 kwa siku hana eTIMS. Ankara yake naipata wapi?" Swali hilo lilimgusa moja kwa moja. Tangu Januari 2024 gharama isiyokuwa na ankara ya eTIMS huweza kukataliwa wakati wa kukokotoa kodi ya mapato, na wavuvi wake hawana mfumo huo kama wakulima wa yule bwana. Akamwongeza binti aliyesema ndio kwanza amemaliza mitihani ya CPA, mzee mmoja anayewajibu watu wote kwa upole, na mama mmoja mwenye kampuni ya ukaguzi.

Kwa nini watano na si mmoja? Kwa sababu mikutano ya bure Nairobi hujiandikisha wengi na kufika wachache. Mvua ikinyesha saa kumi, Ngong Road inaziba na watu wanarudi nyumbani. Katika watano, tarajia wawili au watatu wajibu na mmoja au wawili wafike. Ukiandikia kumi na watano, hutaweza kumwandikia kila mmoja neno lake mwenyewe, na jioni utakuwa na ahadi ambazo huwezi kuzitimiza.

Pasipo na kikundi cha WhatsApp, tazama ukurasa wa kujiandikisha. Luma na Meetup huonyesha waliothibitisha kuja, ikiwa mwandalizi ameruhusu, na LinkedIn huwa na machapisho ya watu wanaotangaza kwamba watakuwepo. Usimwombe mwandalizi orodha ya namba za simu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haimruhusu kuzigawa ovyo, na ukiomba utamtia wasiwasi. Mwombe kitu kingine, ambacho mara nyingi kinazidi orodha kwa thamani:

"Habari ya asubuhi. Nimejiandikisha kwa mkutano wa Alhamisi, na bado ni mgeni Nairobi. Nafanya hesabu za kampuni inayonunua samaki kwa wachuuzi wadogo. Kama kuna mtu mmoja atakayekuja ambaye hukabiliana na wasambazaji wasio na eTIMS, nitashukuru ukinielekeza kwake siku hiyo."

Ujumbe huu unampa mwandalizi kitu anachopenda kufanya, yaani kuwakutanisha watu, na unamwachia yeye uamuzi wa nani.

Andika sentensi nne

Salamu kwanza. Kwetu mtu haingii kwenye hoja bila kubisha hodi, na ujumbe usio na salamu kutoka namba ngeni unasomeka kama wa matapeli. Halafu sema mara moja mmekutana wapi, yaani kikundi gani au mkutano gani. Kisha taja kitu kimoja ambacho mtu huyo alisema au anafanya. Mwisho toa pendekezo jepesi lenye mahali na saa, pamoja na mlango wa kutokea.

Huu ndio alioandikiwa bwana wa maziwa:

"Habari za leo, ndugu. Tuko pamoja kwenye kikundi cha mkutano wa eTIMS wa Alhamisi. Niliona swali lako la wakulima wa lita 10, nami nina shida hiyohiyo kwa wavuvi wa Kisumu, na tumeanza kuangalia ile njia ya mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo. Nitakuwa karibu na meza ya usajili kuanzia saa kumi na moja na robo, ukinikuta tusalimiane, na kama umebanwa si neno."

Tazama sentensi ya tatu. Haisemi tu "nilipenda swali lako", maana hilo linaweza kutumwa kwa mtu yeyote. Inataja lita 10, kisha inaweka mezani kitu kidogo ambacho mpokeaji anaweza kukihitaji. Bwana yule sasa ana sababu yake mwenyewe ya kumtafuta dada huyu ukumbini. Hapo ndipo ujumbe mzuri unapotofautiana na ujumbe wa adabu tu.

Kwa binti mgeni maneno yalikuwa mepesi zaidi: "Sasa? Nimeona umesema ni mara yako ya kwanza kwa hii mikutano, mimi pia. Nitafika mapema Alhamisi, nitakuwa karibu na usajili. Tukionana tutafute viti pamoja." Kwa mzee alibadilisha sauti. Wahasibu wengi Kenya huandikwa CPA mbele ya jina, na wa umri huo hupenda kuitwa hivyo, kwa hiyo alianza na "Habari ya asubuhi, CPA" pamoja na jina lake la ukoo, akamshukuru kwa jibu moja mahususi alilolitoa kikundini, na akasema atakuja kumsalimu. Hakumpangia mzee saa wala mahali. Mdogo ndiye anayemwendea mkubwa.

Lugha ifuate ile ambayo mtu mwenyewe ameitumia kikundini. Aliyeandika Kiingereza chote mwandikie Kiingereza, aliyeandika Kiswahili mwandikie Kiswahili, na Sheng ibaki kwa aliyeianza yeye.

Kwenye LinkedIn akaunti ya bure inabana urefu wa maneno yanayoambatana na ombi la kuunganishwa, na pia idadi ya maombi yenye maneno kwa mwezi. Hapo punguza hadi mistari miwili: mkutano gani, kitu kimoja, "nitakusalimia". Sehemu ya meza na saa itume baada ya kukubaliwa.

Yanayoharibu ujumbe

Kiungo cha mtandao ndicho kibaya zaidi. Wakenya wamelishwa viungo vya ulaghai vya kutosha, wa kazi za uongo, wa uwekezaji wa siku saba, wa pesa zilizotumwa kimakosa. Namba ngeni yenye kiungo au faili hufungiwa bila kusomwa, na WhatsApp yenyewe humpa mpokeaji kitufe cha kuzuia na cha kuripoti juu ya ujumbe wa mtu asiyemjua. Usitume wasifu wako, usitume kadi ya kampuni. Usitume pia ujumbe wa sauti. Mtu hakujui, yuko ofisini, hatausikiliza.

Mwanamume anayemwandikia mwanamke awe mwangalifu zaidi. Meseji iende saa za kazi, tuseme kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni, na isitaje picha yake wala sura yake. Mahali pa kukutana pawe mbele za watu, na meza ya usajili inafaa kwa sababu hiyo hasa. Ofa ya "nikupitie na gari" haina nafasi hapa, hata kama mnaishi mtaa mmoja na nia ni safi.

Ukijibiwa "Nani amekupa namba yangu?", usijitetee kwa maelezo marefu. Jibu: "Samahani kwa kukushtua, niliiona kwenye kikundi cha mkutano wa Alhamisi. Sitakusumbua tena." Na kweli usimsumbue. Mkionana ukumbini, salamu ya kawaida inatosha.

Hakikisha sura yako inaonekana

Hili ni dogo na linasahauliwa sana. Picha ya WhatsApp ya Wakenya wengi ni mtoto wao, aya ya Biblia, au wao wenyewe wakiwa wamevaa miwani ya jua siku ya harusi. Zaidi ya hayo, wengi wamefunga picha isionekane na watu ambao namba zao hawajazihifadhi. Umemwandikia mtu vizuri, amekubali, na jioni anakupita kwa sababu kwenye simu yake wewe ni duara la kijivu.

Wiki ya mkutano, weka picha ya uso wako, ya karibuni, ukiwa na nywele ulizo nazo sasa. Kisha fungua Settings, nenda Privacy, halafu Profile photo, uchague Everyone. Mkutano ukipita, rudisha ulivyokuwa. Asubuhi ya siku yenyewe ongeza nguo: "Nimevaa blauzi ya njano." Kwenye chumba cha watu 60 waliovaa bluu na kijivu cha ofisini, hilo linafaa kuliko jina.

Na wewe pia hifadhi namba zao kwa jina na alama, kwa mfano "Maziwa Kiambu eTIMS". Ukipigiwa simu ukiwa getini, utajua ni nani bila kubahatisha.

Siku na saa za kutuma

Kwa mkutano wa Alhamisi, tuma Jumanne asubuhi. Ukituma wiki moja kabla, mtu atasahau, na bado hajaamua kama atakuja. Ukituma siku yenyewe mchana, ameshapanga na nani atakwenda. Jumanne ana mkutano kwenye kalenda na bado hajajaza jioni yake.

Dada wetu alituma zote tano Jumanne kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Kijana wa kujitolea alijibu ndani ya dakika chache: "Karibu sana, nitafute." Binti alijibu kwa furaha na emoji tatu. Bwana wa maziwa alisoma, alama mbili zikawa za buluu, akakaa kimya mpaka usiku, kisha akaandika, "Hiyo ya mnunuzi kutoa ankara mmeifanikisha? Nitafika saa kumi na mbili kama jam itaruhusu." Mama wa ukaguzi hakujibu. Mzee alisoma tu.

Asiyejibu usimkumbushe. Alama za buluu bila jibu hazimaanishi kakataa, hasa kwa watu wazima wenye shughuli, ambao huona ujumbe wa namna hii kama taarifa isiyodai jibu. Ujumbe wa pili wenye "uliona meseji yangu?" ndio unaoligeuza jambo kuwa usumbufu. Waliojibu pekee ndio wa kuandikiwa tena, mstari mmoja, Alhamisi asubuhi: "Nakuja leo. Nimevaa blauzi ya njano, nitakuwa karibu na usajili."

Fika kabla ya makundi kufungamana

Umesema utakuwa mezani saa kumi na moja na robo, basi uwe hapo. Tangazo la saa kumi na moja na nusu Nairobi huwa na maana ya kuanza karibu saa kumi na mbili, na robo tatu ile ya ukumbi mtupu ndiyo inayomfaa mgeni. Mwandalizi bado anapanga vibandiko na ana dakika za kuzungumza. Kutoka katikati ya jiji, 46 inakufikisha Yaya, lakini panda kabla ya saa kumi na nusu. Baada ya hapo hakuna anayeweza kukuambia utafika lini, na mvua ikinyesha ndio kabisa.

Ukikwama, toa habari mapema na useme uko wapi: "Niko Hurlingham, jam haisongi, nipe dakika ishirini." Hata ujumbe huo unafanya kazi ya kukutambulisha. Mtu anayengojewa si mgeni tena.

Alipofika, dada wetu alimwendea kijana wa kujitolea kwanza, akajitaja. Alimsaidia kupanga vibandiko kwa herufi, kazi ya dakika kumi, na kwa njia hiyo akaona majina ya waliotarajiwa na akasalimiwa na kila aliyeingia. Binti akafika. Saa kumi na mbili kasoro dakika chache, bwana wa maziwa akaingia akitazama huku na huku, akaona blauzi ya njano. Walianza moja kwa moja na wakulima na wavuvi, bila "unafanya kazi wapi" ya kuzugia.

Hapo kuna hatua ambayo watu hawaitarajii. Ukiwa na wawili waliokujibu, wao kwa wao hawajuani. Watambulishe kwa kile walichokuandikia: "Huyu ndiye aliyeuliza swali la lita 10, na huyu amemaliza mitihani juzi." Papo hapo mna kundi la watu watatu, na kundi la watatu lililosimama wazi upande mmoja huvuta wengine. Usiwashike jioni nzima. Baada ya dakika kumi au kumi na tano waachie nafasi ya kuwaona watu wao, na ukae nao mkutano ukianza ikiwa viti vinaruhusu.

Wakati wa mapumziko alimwendea mzee. "Mimi ndiye niliyekuandikia Jumanne kuhusu lile jibu lako." Mzee alikumbuka ujumbe wote. Hakujibu, alisema, kwa kuwa alijua wangeonana. Ndipo akamwita mama mmoja aliyekuwa karibu na chai awasikilize, naye ndiye yule wa kampuni ya ukaguzi.

Ikiwa hakuna aliyejibu

Hutokea, hasa mkutano ukiwa mwisho wa mwezi ambapo wahasibu wamezama kwenye mishahara, au kabla ya tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha VAT ya mwezi uliopita. Fika mapema vilevile na uende kwa mwandalizi. Ulishamwandikia, kwa hiyo unaanza na "Mimi ndiye mgeni wa samaki niliyekuandikia Jumanne." Mwombe akuonyeshe mtu mmoja tu. Wale wanne wengine, wakiingia, unazijua sura zao na swali la kila mmoja.